Ofa ya Krismasi Isizamishe Tiketi

Abiria aliyenunua tiketi ya basi mtandaoni wiki moja kabla ya Krismasi hana haja ya kujua barua pepe husafirije. Anachotaka ni tiketi ifike, aioneshe pale stendi ya Mbezi, apande, afike Arusha kabla ya giza. Lakini kama kampuni iliyomuuzia ilituma pia, siku hiyohiyo na kwa jina lilelile, maelfu ya barua za ofa kwa watu ambao hawakuziomba, tiketi yake inaweza kuangukia kwenye folda ya barua taka. Yeye hajakosea, na tiketi yenyewe haina kasoro.

Anayeamua hilo ni kichujio cha Gmail, Yahoo au Outlook. Mtu anapochoshwa na tangazo hubonyeza kitufe cha kuripoti barua taka, na kwake jambo limeisha. Kwa mwenye huduma ya barua, lalamiko hilo ndipo linapoanza kazi. Linaandikwa kwenye hesabu ya mtumaji, na siku hizi hesabu hiyo hutunzwa zaidi kwa jina la kikoa, yaani maneno yanayofuata alama ya @. Anwani ya namba ya seva nayo hutazamwa, lakini jina ndilo linalodumu, kwa sababu kampuni inaweza kuhama seva leo na kesho ikabaki na jina lake. Kichujio hakijui kwamba tiketi imetoka kwa watu wa mauzo na ofa imetoka kwa watu wa masoko. Kinaona jina moja, na kinalihukumu kwa jumla ya yote yaliyotumwa kwalo.

Mfano wa kampuni ya mabasi unafaa kuhesabiwa. Tuseme kikoa chake ni `basi.example`, jina la kufundishia tu. Kila siku hutuma tiketi 1,500 zinazofika kwenye vikasha vya Gmail. Jumatatu moja ya Desemba idara ya masoko inarusha ofa ya sikukuu kwa kila anwani iliyowahi kununua tiketi, na barua 24,000 kati ya hizo zinafika kwenye vikasha vya Gmail. Watu 120 wanaziripoti. Kwa upande wa tiketi, aliyeripoti ni mmoja tu, pengine kwa bahati mbaya. Zikiwa chini ya jina moja, malalamiko ni 121 katika barua 25,500, sawa na asilimia 0.47. Tiketi zenyewe zingehesabiwa peke yake, zingekuwa na lalamiko 1 katika 1,500, chini ya asilimia 0.07.

Tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tangu Februari 2024, Google imekuwa ikidai masharti maalumu kwa yeyote anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti binafsi za Gmail, na Yahoo ilitangaza masharti yanayofanana nayo. Kiwango cha malalamiko kinatakiwa kibaki chini ya asilimia 0.1, na kisifikie 0.3. Kwa lugha nyepesi, katika kila watu 1,000 waliopokea barua, watatu wakiudhika inatosha kumtia mtumaji matatani. Kampuni ya mfano wetu imevuka mpaka huo kwa barua moja ya ofa, na imeuvuka wakati wa mwaka ambao abiria wake wanazihitaji tiketi kuliko wakati mwingine wowote.

Dawa inayopendekezwa na watu wa fani hii ni kuzigawa barua hizo kwa majina. Kikoa kikuu kinaachiwa mawasiliano ya watu na watu, kama meneja anayeandikiana na benki au mhasibu anayejibu wateja. Tiketi, risiti na ujumbe wa kubadili nenosiri vinapewa kikoa tanzu, mathalani `tiketi.basi.example`. Jarida na ofa vinapewa kingine, mathalani `habari.basi.example`. Hakuna ada ya kusajili majina hayo, kwa kuwa mwenye kikoa anaweza kuongeza vikoa tanzu ndani ya DNS yake mwenyewe. Baada ya hapo lalamiko la ofa huandikwa kwanza kwenye hesabu ya `habari`, na tiketi zinaendelea kupimwa kwa tabia yake zenyewe.

Kuna wanaoona ni salama zaidi kununua jina jipya kabisa, kitu kama `basi-ofa.example`, ili jina la kampuni lisiguswe kamwe. Hilo ni kosa. Jina jipya lisilo na historia, lenye neno la kampuni maarufu na kistari katikati, ndilo hasa matapeli hulitumia kuiba nywila, na vichujio vimezoea kulishuku. Abiria naye anazoeshwa kuamini majina yanayofanana na la kampuni, mpaka siku tapeli atakapokuja na lake. Kikoa tanzu kinaonesha wazi kimetoka kwa nani.

Mgawanyo huu huonekana mwepesi, na wengi huufanya nusu. Wanabadilisha anwani inayoonekana kwa msomaji, barua ya ofa inasomeka imetoka `ofa@habari.basi.example`, kisha wanaamini kazi imekwisha. Kichujio hakisomi anwani hiyo peke yake. Kinasoma saini.

Saini hiyo huitwa DKIM, na kiwango chake cha kwanza kilichapishwa mwaka 2007. Seva inayotuma huambatisha kwenye kila barua mfuatano wa herufi uliotengenezwa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa pili, wa wazi, umewekwa kwenye DNS ya mtumaji, na seva inayopokea huutumia kuhakikisha kwamba barua imesainiwa kweli na mwenye jina na haikubadilishwa njiani. Ndani ya saini kuna herufi `d` inayotaja jina la kikoa kilichosaini. Jina hilo ndilo ambalo Google hulitumia kuonesha takwimu za malalamiko katika chombo chake cha Postmaster Tools, na ndilo Yahoo hulitumia kumrudishia mtumaji taarifa za waliolalamika. Kwa hiyo swali linaloamua kila kitu ni hili: barua ya ofa imesainiwa kwa jina gani?

Katika barua iliyogawanywa vizuri, mistari ya juu inayofichwa machoni pa msomaji husomeka hivi:

```
Return-Path: <rudi@habari.basi.example>
From: Ofa za safari <ofa@habari.basi.example>
DKIM-Signature: v=1; a=rsa-sha256; d=habari.basi.example; s=k1; ...
```

Majina yote matatu yanakubaliana. Mstari wa kwanza ni anwani ambako barua zisizofika hurudishwa, wa pili ni ule anaouona msomaji, na wa tatu ni saini. Tatizo la mgawanyo wa nusu ni kwamba mstari wa tatu hubaki na `d=basi.example`, na hakuna chombo kinachopiga kelele. DMARC, kanuni iliyochapishwa mwaka 2015, hukagua kama jina analoliona msomaji linalingana na jina lililosaini, lakini kwa kawaida ulinganifu huo ni wa kulegea, kwa hiyo kikoa tanzu na mama yake huhesabiwa kuwa wamelingana. Ukaguzi unapita, barua inapokelewa, kila taa ni ya kijani, na malalamiko yote yanaendelea kumwagika kwenye jina kuu lililokusudiwa kulindwa. Kampuni inaweza kukaa miezi ikidhani imejikinga.

Kuligundua hilo ni kazi ya dakika moja. Fundi anajitumia barua ya ofa kwenye Gmail, anaifungua kwenye kompyuta, anachagua `Show original` katika menyu ya barua, kisha anasoma mstari wa DKIM. Ukisema `'PASS' with domain habari.basi.example`, mgawanyo umefanyika. Ukitaja kikoa kikuu, au jina la kampuni ya huduma inayotuma barua kwa niaba yake, bado.

Kwenye DNS mahitaji si mengi, ila kuna jambo linalowatega hata mafundi wazoefu. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma, hairithiwi. Kikoa kikuu kinaweza kuwa na SPF safi kabisa, na kikoa tanzu kikabaki mikono mitupu mpaka kiandikiwe yake. DMARC kwa upande wake hurithiwa. Kikoa tanzu kisipokuwa na rekodi yake, seva inayopokea hupanda hadi kwa mama na kufuata anachosema. Rekodi za jarida la kampuni yetu zingekuwa hivi:

```
habari.basi.example.                TXT "v=spf1 include:seva.example -all"
k1._domainkey.habari.basi.example.  TXT "v=DKIM1; k=rsa; p=..."
_dmarc.basi.example.                TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@basi.example"
```

Tiketi nazo zinapewa SPF yake na ufunguo wake tofauti. Msomaji mwenye kikoa cha `co.tz` au `co.ke` anaweza kuhofu kwamba kwa utaratibu huu wa kupanda juu atachanganywa na wafanyabiashara wote walio chini ya kiambishi hicho. Hachanganywi. Ipo orodha ya pamoja ya viambishi vya umma inayoonesha viambishi ambavyo watu mbalimbali husajili majina chini yake, na `co.tz` na `co.ke` vimo humo. Mama wa kikoa tanzu ni jina lililosajiliwa na kampuni yenyewe, basi.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia kabla ya kutuma barua ya kwanza. Watu hujibu barua za tiketi. Abiria anataka kubadili siku, au ameandika jina la mama yake vibaya, naye hubonyeza tu kitufe cha kujibu. Kikoa tanzu kisipokuwa na rekodi ya MX inayopokea barua, jibu lake litarudishwa na atadhani kampuni imefungwa. Ama kipewe njia ya kupokea, ama barua ielekeze majibu kwenye anwani ya kikoa kikuu inayosomwa na mtu. Jambo la pili ni viungo. Barua nyingi za matangazo hupitisha kila kiungo kwenye anwani ya kuhesabu waliobonyeza, na anwani hiyo isipokuwa nayo chini ya `habari`, kikoa kikuu kinakuwa kimerudishwa ndani ya barua kwa mlango wa nyuma.

Kisha huja swali la lini na kwa kasi gani. Kikoa tanzu kipya hakina historia yake. Kinafaidika kwa kiasi fulani na jina la mama, lakini kikianza maisha kwa kurusha barua 40,000 asubuhi moja, kichujio kitakishuku kama kinavyomshuku mgeni yeyote. Kwa hiyo jarida huanza na watu wachache wanaolipenda. Kampuni yetu ingechukua 500 walioifungua barua yake mwezi uliopita, ikawatumia hao, ikaangalia matokeo, kisha ikaongeza mara mbili kila inapotuma, ilimradi malalamiko yasipande. Tiketi zinahama kwa utulivu zaidi, labda 150 kati ya zile 1,500 siku ya kwanza, na kuongezeka kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Tiketi huzoeleka haraka kwa sababu watu huzifungua, huzitafuta na huzihamisha wenyewe kutoka kwenye taka zikipotea humo. Kazi hii ifanywe mwezi Februari au Machi, mabasi yakiwa na nafasi. Kuihamisha tiketi katikati ya Desemba ni kumweka abiria rehani.

Kama jina kuu tayari limechafuka, kishawishi ni kuikimbiza tiketi kwenye kikoa tanzu kipya mara moja. Heri kuanza kwa kuliondoa jarida. Tiketi ndizo barua njema zilizobaki kwenye jina kuu, na zikiachwa zikaendelea kutumwa bila ofa pembeni yake, ndizo zitakazolisafisha. Zikihama zote kwa ghafla, jina kuu linabaki na historia mbaya bila cha kuipunguza, na jina jipya linaanza bila sifa wakati abiria wanasubiri.

Mgawanyo ukishakamilika, adui wake mkubwa hutoka ndani ya ofisi. Mtu wa masoko anagundua kwamba barua za tiketi zinafunguliwa karibu zote, na anaomba tangazo dogo liwekwe chini ya tiketi. Mwezi unaofuata anaomba liwe juu. Mwingine, ofa yake ikishindwa kufika, anaomba itumwe "kwa njia ya tiketi" mara moja tu. Hapo barua ya huduma imegeuka tangazo, na malalamiko yatafuata kilichomo ndani, si jina la bomba. Google inawataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na haidai hivyo kwa barua za miamala kama uthibitisho wa nafasi iliyowekwa au kubadili nenosiri. Mpaka huo ni mzuri kuutumia ofisini pia. Barua ambayo mpokeaji ameisababisha yeye mwenyewe dakika chache zilizopita iende `tiketi`. Barua ambayo kampuni ndiyo iliyoamua kuituma iende `habari`.

Vilevile kikoa tanzu si maficho. Google inapohesabu zile barua 5,000 za siku, hujumlisha zote zilizotoka chini ya kikoa kikuu kimoja, tanzu zake zikiwemo, na aliyewahi kufika hesabu hiyo haondolewi kwenye kundi hilo. Vichujio pia humtazama mama. Jarida likiwa baya mno kwa muda mrefu, madhara hupanda juu, kama vile mtoto wa ukoo anavyoweza kuwa na nyumba yake na bado watu wakauliza ni wa nani. Mgawanyo unatoa nafasi ya kugundua na kurekebisha kabla tiketi hazijaguswa. Hauruhusu kuendelea kuudhi watu.

Nafasi hiyo ya kugundua, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo faida yake kubwa. Kabla ya kugawa, kampuni yetu ilikuwa na namba moja, 0.47, na ubishi ofisini kuhusu nani ameisababisha. Baada ya kugawa na kusajili kila kikoa tanzu peke yake kwenye Postmaster Tools, ubishi unakwisha, kwa kuwa `habari` inaonesha 0.5 siku ya ofa na `tiketi` iko chini kabisa. Namba hizo husomwa kwa uangalifu. Google huonesha takwimu pale tu barua zinapokuwa nyingi vya kutosha, kwa hiyo ukurasa mtupu kwa mtumaji mdogo hauna maana kwamba mambo ni shwari. Hatari zaidi ni namba inayoshuka ghafla. Kiwango kinahesabiwa kwa barua zilizofika kwenye kikasha, na barua iliyokwishatupwa kwenye folda ya taka haina tena wa kuiripoti. Malalamiko yakishuka pamoja na idadi ya wanaofungua, barua hazijapendwa, zimezikwa.

Kwa kampuni ya mabasi, uchunguzi wa 0.5 ile ungefika haraka kwenye orodha yenyewe. Anwani zilichukuliwa kutoka kwenye mauzo ya tiketi, na mtu aliyenunua tiketi ya kwenda msibani miaka mitatu iliyopita hakuomba jarida. Orodha inapunguzwa hadi kwa waliokubali na wanaosoma. Kwenye kila ofa inaongezwa mistari hii miwili, nayo pia inafunikwa na saini:

```
List-Unsubscribe: <https://habari.basi.example/jiondoe/...>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Mistari hiyo huiwezesha Gmail kumpa msomaji njia ya kujiondoa juu ya barua, ili anayechoka asilazimike kukimbilia kitufe cha taka, na ombi lake linatakiwa litekelezwe ndani ya siku 2. Baada ya hapo inabaki ile `p=none` kwenye rekodi ya DMARC, inayoziambia seva zitoe ripoti tu bila kuchukua hatua. Haibadilishwi kuwa `p=quarantine` mpaka ripoti za wiki kadhaa zioneshe kwamba kila mashine inayotuma kwa jina la kampuni, ikiwemo ile ya ankara iliyosahaulika kwenye ofisi ya uhasibu, ina saini inayolingana.